Barua Anayoondoka Nayo Mfanyakazi

Mwanzoni mwa Agosti 2024 karani wa duka letu alitupa notisi ya mwezi mmoja. Alikuwa amepata kazi Malindi kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mwenye ghala kubwa kuliko letu, na huko angekuwa mtunza ghala. Alikuwa ametutumikia miaka mitano na nusu. Siku aliyoleta notisi aliniomba jambo moja tu: "Ami, naomba uniandikie barua. Mwajiri mpya anaitaka kabla sijaripoti."

Nikamwambia hilo ni dogo. Jioni ile nikaketi nikaandika mistari minne: kwamba kijana huyu ni mwaminifu, ni mchapakazi, ana adabu njema, na yeyote atakayemwajiri hatajuta. Kaka yangu, ambaye tunashirikiana naye katika duka, aliisoma, akaiweka mezani, akauliza, "Na ile mifuko mitano ya saruji, umeisahau?"

Sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeiruka. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilichoandika hakikuwa ushahidi, bali ni dua njema iliyovaa nguo za barua. Kazi niliyodhani ni ya robo saa ilinichukua siku tatu, na yale niliyojifunza ndani ya siku hizo ndiyo ninayokuletea, ndugu msomaji, kwani wengi wetu tunao watumishi madukani na majumbani, na siku moja watatuomba barua kama hii.

Kwanza yafaa tutenganishe nyaraka mbili ambazo watu huzichanganya. Upo waraka ambao sheria inamlazimisha mwajiri kuutoa, nao ni cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema mfanyakazi anapoacha kazi apewe cheti hicho, isipokuwa kama hakutimiza wiki nne mfululizo. Ndani yake huandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, aina ya kazi na mahali alipoifanyia, na tarehe aliyomaliza. Mwajiri anayekinyima kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika ndani yake jambo analolijua kuwa ni uongo, amefanya kosa ambalo adhabu yake yaweza kufikia faini ya shilingi 100,000, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Tena cheti hiki ni haki ya kila mfanyakazi, hata aliyefukuzwa kwa kosa.

Barua ya kumweleza mfanyakazi, yenye kutaja tabia yake na namna alivyofanya kazi, ni waraka mwingine. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kuutoa. Kwa hivyo aliyeamua kuuandika ameamua mwenyewe kuwa shahidi, na hawezi kusema baadaye kwamba alisukumwa. Cheti cha karani wetu nilikijaza kwa dakika kumi. Kilichonishughulisha ni barua.

Turudi kwenye ile mistari yangu minne. Ubaya wake si kwamba ilisema uongo. Ubaya wake ni kwamba yaweza kuandikwa juu ya mtu yeyote, na mwajiri wa Malindi akishaisoma hajui lolote ambalo hakulijua kabla. Neno "mwaminifu" ni hukumu, na hukumu bila ya maelezo haimsaidii asiyemjua hakimu. Nikajiuliza: je, nimeona nini hasa hata nikamwita mwaminifu? Nikakumbuka kwamba kwa muda wa miaka minne na nusu kila jioni alihesabu pesa za mauzo pamoja nami, na siku za kawaida zilikuwa baina ya shilingi 40,000 na 150,000. Tofauti zilitokea, kama zinavyotokea katika kila duka, lakini kila ilipotokea yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunionyesha, kabla sijamaliza kuhesabu. Hilo nililiona kwa macho yangu. Nililiandika, na neno "mwaminifu" nikalifuta. Msomaji wa Malindi ataliweka mwenyewe akipenda.

Nililifanya hivyo kila sifa. "Mchapakazi" ikawa maelezo ya zamu zake na idadi ya bidhaa alizozisimamia. "Ana adabu" ikawa kwamba mafundi waliokuja kudai wamepunjwa vipimo aliwapimia upya mbele yao bila ya kugombana, na wengi wao hata leo huuliza yuko wapi. Sifa ambayo sikuipatia tukio nililolishuhudia niliiacha.

Sasa mifuko ya saruji. Juni 2022 tulipohesabu mali dukani na katika godauni, mifuko 14 ya saruji iliyokuwamo katika daftari haikuwapo mahali pake. Tulipofuatilia tukaipata habari ya mifuko 9: ilikuwa imechukuliwa na fundi mmoja kwa mkopo, karani akaiandika katika kijitabu chake cha mfukoni, kisha akasahau kuihamishia katika daftari kubwa. Fundi alikiri na akalipa. Mifuko 5 haikujulikana ilikokwenda mpaka leo. Funguo za godauni wakati ule zilikuwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mimi.

Kaka yangu alishikilia kwamba haki ya mwajiri mpya ni kuambiwa. "Wewe ungeficha hivyo na mtu akakuletea mwizi, ungefurahi?" Hoja yake si nyepesi, na sikupenda kuipuuza. Lakini tulipoipasua tukaona ndani yake mna mambo mawili yasiyofanana. Moja ni kwamba karani alichelewa kuandika bidhaa zinazotoka. Hilo ni hakika: lilionekana, aliambiwa wakati ule ule, naye alikubali. La pili ni kwamba karani aliiba mifuko mitano. Hilo ni dhana, na dhana hiyo ingeweza kumwangukia yeyote katika watu watatu. Hatukumwita tukamhoji kwa hilo, hatukumpa nafasi ya kujitetea, na tulimwacha na funguo zile zile kwa miaka miwili iliyofuata. Mwajiri anayemwachia mtu funguo miaka miwili, kisha siku ya kuagana akamwandikia mashaka, hana budi kujiuliza alikuwa akiamini nini katika miaka hiyo.

Mahakama zimewahi kukutana na suala hili hili. Mwaka 1994 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, liliamua kesi ya Spring dhidi ya kampuni ya bima ya Guardian. Mtu huyo alikosa kazi katika makampuni mengine ya bima kwa sababu ya maelezo mabaya mno yaliyotolewa juu ya uaminifu wake. Walioyaandika hawakuwa na chuki, waliamini walichokisema. Kosa lao lilikuwa kwamba hawakuchunguza vya kutosha kabla ya kukisema, na Baraza likaamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo ana wajibu wa uangalifu kwa yule anayeelezwa. Uamuzi wa Uingereza haufungi mahakama za Kenya, ingawa mawakili huutaja. Lakini niliposoma habari ile niliona sura ya duka letu ndani yake. Kuamini hakutoshi. Yakupasa uwe umeuliza.

Msomaji atasema: je, huku si kusengenya, hata kama ni kweli? Swali hili lilinisumbua, na jibu nililipata katika kisa ambacho wengi wetu tumekisikia darasani, kilichopokewa na Imamu Muslim. Fatima binti Qays alipomaliza eda alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Muawiya na Abu Jahm. Aliambiwa kwamba Abu Jahm haiweki chini fimbo yake, na Muawiya ni maskini asiye na mali. Kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Wanazuoni wakakitumia kisa hiki kuonyesha kwamba anayeombwa ushauri huruhusiwa kutaja aibu ya mtu. Mimi nilichokizingatia ni kipimo chake. Kila mmoja ametajwa kwa jambo moja, na jambo hilo linagusa ndoa moja kwa moja: ukali wa mkono kwa mmoja, upungufu wa riziki kwa mwingine. Hapakutajwa zaidi ya kilichoulizwa.

Kwa kipimo hicho nikapanga yaliyobaki. Uzito wa kuandika bidhaa kwa kuchelewa unagusa kazi ya mtunza ghala kuliko kitu chochote, basi hauwezi kufichwa. Mwaka 2023 karani alikuwa akichelewa kufika kazini kwa muda wa miezi mitatu hivi, nasi tukampa onyo la maandishi. Sababu yake ilikuwa ugonjwa wa mamake, ng'ambo ya Likoni. Mama alipopona kuchelewa kukaisha, na kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya hapo hakuchelewa. Hili sikuliandika. Halimwelezi alivyo sasa, na ningelitaja ningelazimika ama kuacha sababu, niwe nimemdhulumu, ama kueleza ugonjwa wa mama wa watu, jambo ambalo si langu kulieneza. Habari za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwapo sheria hiyo, sidhani ningeliona kuwa ni haki.

Nitaongeza hapa neno juu ya lugha ya mafumbo, kwani naiona imezoeleka. Wako waandikao "alijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake" wakiwa na maana kwamba hakuwa na uwezo, au "tunamtakia heri huko aendako" peke yake, ili msomaji aelewe kwamba hawakuwa na la kusifu. Mwajiri mjuzi hulitambua fumbo, asiye mjuzi hulipita, na mfanyakazi hubeba mkononi hukumu ambayo hawezi kuisoma wala kuijibu. Kama una la kulaumu, lilaumu kwa sentensi iliyo wazi. Huwezi, basi nyamaza.

Siku ya tatu nilimwita karani nikampa rasimu aisome kabla sijaitia saini. Si kila mwajiri hufanya hivi, na kaka yangu hakuipenda rai hiyo. Alihofu kwamba kijana atabembeleza tuondoe lile la daftari. Aliisoma taratibu. Alipofika kwenye udhaifu wake alitulia kidogo, kisha akasema, "Hili ni kweli, Ami." Akaendelea. Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba baada ya kisa kile sisi tuliweka kanuni: bidhaa yoyote isitoke langoni kabla ya kuandikwa katika daftari na mchukuaji kutia saini. Hapo akainua kichwa. "Ami, samahani. Kanuni hii niliileta mimi. Nilikuandikia karatasi, ukaibandika ukutani."

Nikanyanyuka nikaenda kutazama. Karatasi bado ipo, imegeuka rangi ya chai, na mwandiko ni wake. Miaka miwili nilikuwa nikiipita kila asubuhi, na akilini mwangu kanuni ile ilikuwa yangu. Laiti ningeitia saini rasimu ile, ningekuwa nimemwandikia kosa lake kwa ukamilifu na kumnyang'anya dawa aliyoitafuta mwenyewe. Na kwa mwajiri wa ghala, hiyo dawa ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Barua iliyotoka hatimaye ilikuwa hivi. Jina na anwani nimeziondoa, lakini usiziondoe wewe katika yako, wala tarehe na nambari yako ya simu.

"Kwa Meneja wa Ghala. Ninaandika kwa ombi la (jina kamili na nambari ya kitambulisho), ambaye ameomba kazi ya mtunza ghala kwenu. Alifanya kazi katika duka letu la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa tangu Machi 2019 hadi mwisho wa Agosti 2024. Mwaka wa kwanza alikuwa mpakuzi godaunini. Baada ya hapo alikuwa karani wa mauzo na msimamizi wa bidhaa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake kwa muda wote huo, nasi tulikuwa tukionana kila siku ya kazi. Ameondoka kwa hiari yake na kwa notisi kamili.

Alisimamia aina zipatazo 300 za bidhaa, zikiwemo saruji, mabati, rangi na misumari, na alikuwa na ufunguo wa godauni. Kila jioni alihesabu nami mauzo ya siku, aghalabu baina ya shilingi 40,000 na 150,000, na kila ilipotokea tofauti yeye ndiye aliyeanza kuitaja. Huwapokea wateja wenye malalamiko kwa utulivu, na huwapimia upya mbele ya macho yao.

Udhaifu niliouona ni katika kuandika bidhaa zinazotoka kwa haraka. Juni 2022 mifuko 9 ya saruji iliyotolewa kwa mkopo haikuingizwa katika daftari kwa wakati. Ilifuatiliwa na ikalipwa. Baada ya hapo yeye mwenyewe alipendekeza kanuni kwamba bidhaa isitoke langoni kabla ya kuandikwa na kutiwa saini. Tuliikubali, naye aliifuata hadi siku ya mwisho, na tatizo hilo halikurudi. Kwa rai yangu hufanya kazi vizuri zaidi penye utaratibu ulioandikwa. Hajasimamia wafanyakazi wengine akiwa kwetu, wala hajatumia kompyuta kutunza hesabu, kwa hivyo siwezi kumshuhudia katika mambo hayo. Nafasi ikipatikana nitamwajiri tena."

Angalia mambo mawili katika barua hii. Haikuandikwa "kwa yeyote anayehusika", kwani barua isiyo na mwenyewe haijui kazi anayokwenda kuifanya, na kwa hivyo haijui itaje nini. Na imesema wazi mipaka ya ninayoyajua. Sentensi ile ya kompyuta kaka yangu aliiona kama kasoro. Mimi naiona ndiyo inayowafanya wengine waziamini zile nyingine.

Kwa msaidizi wa nyumbani njia ni ile ile, ila maswali ya msomaji hubadilika. Mama anayempokea anataka kujua watoto walikuwa wangapi na wa umri gani, kama aliwahi kuachwa nao peke yake na kwa muda gani, kama alipewa pesa za soko na akarudisha chenji, anapika nini, na kwa nini ameondoka. Mimba yake, ugonjwa wake na mambo ya mumewe hayamo. Lakini aliyempiga mtoto, na ikathibitika, hawezi kuandikiwa barua inayosema anapenda watoto, hata akilia miguuni pako. Huyo mpe cheti chake cha utumishi, umwambie waziwazi kwamba barua ya sifa hutaiandika na kwa nini, na umwambie pia kwamba ukiulizwa utasema lililotokea. Ndivyo pia kwa aliyefukuzwa kwa wizi uliothibitishwa baada ya kusikilizwa. Ugumu mkubwa ni kwa wale wa katikati, na kwao mimi hurudi kwenye maswali niliyoyatumia kwa karani: niliona au nilidhani? Nilimwambia wakati ule? Linagusa kazi anayokwenda?

Nakala moja ya barua niliiweka katika faili pamoja na cheti. Nilifanya vyema, kwani wiki mbili baadaye simu ilipigwa kutoka Malindi. Nilimwomba aliyenipigia anitajie jina lake na la duka lake, nikakata, nikampigia mwenyewe kwa nambari iliyokuwa juu ya barua yao ya ajira, kwani sauti ya simu yaweza kuwa ya mtu yeyote. Kisha nikafungua faili mbele yangu, nisije nikasema mdomoni yasiyokuwamo katika waraka. Alianza kwa swali ambalo nililitarajia: "Hebu niambie kweli, baina yetu, kuna kitu hukuandika?" Nikamjibu kwamba lililomhusu limo lote katika karatasi aliyonayo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza ile kanuni ya langoni ilikuwa ikifanyaje kazi: daftari lilikaa upande gani wa lango, na nani alitia saini mteja asipojua kuandika. Nilimweleza kwamba lilikaa kwa mlinzi, si kwa karani, na kwamba asiyejua kuandika aliweka dole gumba mbele ya watu wawili. Nikasikia kalamu ikiandika.